Likizo bila malipo hukata zaidi ya mshahara

KILA msimu wa mvua unapokaribia, wapo walimu, wauguzi, maofisa ugani na makarani wanaorudia hesabu ileile. Mshahara hautoshi, shamba lipo, bei ya mpunga inavutia, na msimamizi aliyeachwa shambani msimu uliopita alileta magunia machache kuliko yaliyotarajiwa. Basi mtu anaona heri aombe likizo bila malipo ya mwaka mmoja au miwili, akasimamie mali yake mwenyewe, kisha arudi kazini akiwa na mtaji.

Wazo hilo si baya, na safu hii haina sababu ya kumkataza mtu kulima. Tatizo letu ni hesabu yenyewe. Wengi huipiga kwa mstari mmoja tu: mshahara wa mwezi, mara idadi ya miezi ya kutokuwapo. Akiona mavuno yatazidi kiasi hicho, anaandika barua. Mistari mitatu mingine haimo kwenye karatasi yake: nyongeza ya mwaka ambayo hataipata, miezi ya pensheni ambayo haitahesabiwa, na nafasi yake katika foleni ya kupandishwa daraja. Mishahara ya miezi ile hupotea mara moja na kwisha. Hasara ya mistari hii mitatu huendelea miaka mingi baada ya mtu kurudi kazini, na mmoja wapo humfuata hadi siku ya mwisho ya uhai wake.

Tuanze na pensheni, maana ndiko penye hatari kubwa na ndiko kusikotazamwa. Watanzania wamebishana sana juu ya kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Mjadala wa kikokotoo uliofuata ulikuwa mkali, na kanuni inayotumika sasa ilianza Julai 1, 2022. Karibu kelele zote zimekuwa juu ya asilimia ya mkupuo, yaani kiasi gani mstaafu achukue mkononi kwa pamoja na kiasi gani abakiziwe kama pensheni ya kila mwezi.

Asilimia hiyo mtumishi hawezi kuibadilisha akiwa peke yake. Lakini ndani ya kikokotoo kilekile imo namba nyingine ambayo anaweza kuipunguza kwa saini yake mwenyewe, nayo ni idadi ya miezi aliyochangiwa.

Kanuni ni rahisi kuliko inavyosemwa vijiweni. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unaizidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho ya utumishi, kisha unagawa kwa 580. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Mkupuo na malipo ya kila mwezi hutoka katika jibu hilo hilo. Jibu likipungua, vyote viwili vinapungua.

Hapo ndipo likizo bila malipo inapoingia. Michango ya mtumishi wa umma ni asilimia 20 ya mshahara: asilimia 5 hukatwa kwake na asilimia 15 hutolewa na mwajiri. Pasipo mshahara hakuna cha kukata, na mwajiri naye hana cha kuongezea. Mwezi huo hauingii katika hesabu. Mtu anaweza kuwa bado ni mtumishi, namba yake ya ajira ikiwapo na kiti chake kikimsubiri, lakini kwenye mfuko wa pensheni mwezi huo ni sawa na mwezi ambao hakuajiriwa kabisa.

Tuchukue mfano, kwa namba ambazo tumezirahisisha ili kila mtu aweze kuzifuata. Ofisa ugani mmoja aliajiriwa akiwa na miaka 30 na anatarajia kustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Asipoondoka kazini atakuwa na miezi 360. Tuseme wastani wa mshahara wake bora mwishoni ni Sh1,200,000 kwa mwezi. Zidisha 360 kwa Sh1,200,000, gawa kwa 580, unapata pensheni kamili ya karibu Sh744,800 kwa mwezi, kabla sehemu ya mkupuo haijatengwa.

Sasa tuseme akiwa na miaka 38 aliomba miaka miwili bila malipo akalime mpunga Kilombero. Miezi inashuka kutoka 360 hadi 336. Kwa mshahara uleule wa mwisho, pensheni kamili inakuwa karibu Sh695,200. Zimeondoka Sh49,600 na ushee kwa mwezi. Zimeondoka kwa sababu ya misimu miwili aliyolima miaka ishirini kabla ya kustaafu, na hazitarudi.

Hayo ni ya miezi peke yake. Bado hatujagusa mshahara.

Ngazi za mishahara ya watumishi wa umma zimepangwa kwa hatua. Mtu aliye katika ngazi fulani, mathalani TGS D, huanzia hatua ya kwanza na kupanda hatua moja kwa nyongeza ya mwaka pale inapotolewa, hadi afike mwisho wa ngazi hiyo au apandishwe daraja. Nyongeza hiyo ni malipo ya mwaka uliotumikiwa. Ambaye hakuutumikia mwaka huo hana hoja ya kuidai.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Serikali inapopandisha mishahara kwa ujumla, ngazi nzima huinuliwa. Ndivyo ilivyokuwa Mei Mosi, 2025 ilipotangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Ongezeko la namna hiyo humkuta hata aliyekuwa likizo, kwa sababu anaporudi anakuta ngazi yake ina namba mpya. Lakini anarudi katika hatua ileile aliyoiacha. Wenzake aliokuwa nao sawa wako hatua mbili juu. Akiona mshahara wake umeongezeka tangu alipoondoka, hudhani hakupoteza kitu. Ili aujue ukweli asilinganishe mshahara wake wa leo na wa zamani. Aulinganishe na wa mwenzake waliyeajiriwa siku moja.

Turudi kwa ofisa ugani wetu. Tuseme kila hatua ina thamani ya Sh20,000 kwa mwezi. Amekosa hatua mbili, kwa hiyo anarudi akiwa nyuma ya wenzake kwa Sh40,000 kila mwezi. Kutoka siku anayorudi akiwa na miaka 40 hadi anapostaafu kuna miezi 240. Kama pengo hilo halikuzibwa, Sh40,000 mara 240 ni Sh9,600,000. Fedha hizo hazikuwamo katika hesabu aliyoipiga alipokuwa akiandika barua.

Pengo hilo linaingia pia kwenye pensheni, kwa sababu wastani wa mshahara wake bora hautakuwa tena Sh1,200,000 bali Sh1,160,000. Miezi 336 mara Sh1,160,000, gawa kwa 580, jibu ni Sh672,000. Alianzia Sh744,800. Miaka miwili ya likizo imempunguzia karibu Sh72,800 katika pensheni kamili ya kila mwezi. Takriban theluthi mbili ya upungufu huo inatokana na miezi iliyopotea na theluthi moja inatokana na hatua za mshahara.

Ni haki kueleza pia lini hasara hii huwa ndogo. Mtu aliyekwisha kufika hatua ya mwisho ya ngazi yake hana nyongeza ya kukosa, hivyo anapoteza miezi tu. Vilevile aliyechukua likizo akiwa kijana, kisha akapanda madaraja kadhaa hadi kufika mwisho wa ngazi ya juu kabla ya kustaafu, anaweza kuwakuta wenzake hukohuko juu. Yeye kwenye kikokotoo ataonekana na mshahara sawa na wao, ingawa alichelewa kuufikia. Hatua za mshahara zinaweza kufidiwa. Mwezi ambao haukuchangiwa haufidiwi na cheo chochote.

Ipo hali nyingine ambayo ni mbaya zaidi, na ndiyo hasa iliyotusukuma kuandika tahariri hii. Sheria inataka mwanachama awe amechangia si chini ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Mwenye pungufu ya hapo hulipwa mkupuo wake na habari inaishia hapo. Hakuna malipo ya kila mwezi.

Kwa aliyeajiriwa na miaka 25 au 30, mstari huo wa miezi 180 uko mbali na hana haja ya kuuogopa. Lakini wapo wengi walioingia katika utumishi wakiwa watu wazima: waliokaa miaka mingi kwenye biashara au kilimo kwanza, waliosoma ukubwani, au waliokuwa wakijitolea kabla ya kupata ajira rasmi. Chukua mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka 44. Hadi kufikia 60 ana miezi 192. Amevuka mstari kwa miezi 12 tu.

Mtu huyu akichukua likizo bila malipo ya mwaka mmoja, anabaki na miezi 180 kamili. Akichukua miaka miwili, anabaki na miezi 168. Amekosa pensheni ya maisha kwa miezi 12, wala hawezi kusema atafanya kazi mwaka mmoja zaidi ili aifidie, maana miaka 60 ni umri wa kustaafu kwa lazima na kuongezewa mkataba si haki yake. Ofisa ugani wa mfano wa kwanza alipunguziwa pensheni. Huyu wa pili ameipoteza yote, na huenda asilijue jambo hilo hadi siku anapopeleka nyaraka zake za kustaafu.

Hata ile miezi 192 si ya kuaminiwa kwa kuhesabu kalenda. Mfuko unahesabu miezi iliyochangiwa, na kati ya tarehe iliyo kwenye barua ya ajira na mchango wa kwanza kuingia mara nyingi hupita muda. Wapo waliochelewa kuingizwa kwenye orodha ya mishahara, na wapo ambao mwajiri alikata makato yao asiyafikishe. Aliye na miezi 192 kwenye kalenda anaweza kuwa na 185 kwenye mfuko. Kwake yeye, hata likizo ya miezi sita ni nyingi mno.

Njia ya kujua ni moja. Kabla ya kuandika barua yoyote, chukua taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wako, ama ofisini kwao ama kwa simu, ukague mwezi kwa mwezi. Hesabu miezi iliyojazwa. Ongeza miezi iliyobaki hadi kustaafu kwako. Toa miezi ya likizo unayoitaka. Jibu likiwa chini ya 180, usiombe likizo hiyo. Jibu likiwa 180 na kitu kidogo juu yake, fupisha likizo hadi ubakiwe na akiba ya miezi kadhaa, kwa sababu ugonjwa na makosa ya kumbukumbu havipigi hodi.

Mstari wa tatu wa hesabu yetu ni ukongwe kazini. Kupandishwa daraja katika utumishi wa umma hutazama muda ambao mtu amekaa katika daraja alilonalo pamoja na tathmini ya kazi yake. Zamani tathmini hiyo ilikuwa fomu ya OPRAS, na tangu 2023 inafanywa katika mfumo wa PEPMIS. Aliye likizo bila malipo hana kazi ya kutathminiwa. Anaporudi, faili lake lina miaka yenye uwazi, na wale waliokuwa nyuma yake katika foleni sasa wana tathmini kamili ambazo yeye hana. Hakuna aliyemdhulumu. Kamati inapoketi inatazama kilichomo kwenye faili.

Katika kampuni binafsi ukongwe una uzito wa namna nyingine. Biashara inapoyumba na watu kupunguzwa, moja ya njia zinazotumika kuchagua wa kuondoka ni kuwaanza walioingia mwisho. Kama mwajiri anahesabu utumishi wa aliyekuwa likizo tangu siku aliporudi, mtu wa miaka kumi anageuka kuwa mgeni. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi nacho, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakiweka kuwa si chini ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, hadi miaka kumi, kinategemea neno hilo “mfululizo”. Barua ya likizo iandikwe wazi kwamba ajira inaendelea na haikukatika. Sentensi hiyo moja humwondolea mtu kesi ya miaka.

Hapa tofautisha likizo bila malipo na sabatiko. Wahadhiri wa vyuo vikuu, kama wa Sokoine kule Morogoro, huwa na likizo ya sabatiko baada ya kutumikia miaka kadhaa, ambayo hutumika kwa utafiti, uandishi au kufundisha kwingine. Pale sabatiko inapokuwa ya mshahara, makato yanaendelea na miezi inahesabiwa, hivyo mhadhiri anarudi bila kidonda cha pensheni. Hatari ni pale mtu anapoongezewa mwaka mwingine ambao hauna mshahara, akadhani masharti ni yaleyale. Kadhalika aliyeazimwa na taasisi nyingine si mtu wa likizo bila malipo: analipwa huko aliko, na huko ndiko michango inakopaswa kutoka. Mtu huyo akague taarifa yake kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu ofisi aliyoiacha hudhani ile mpya inachangia, na ile mpya hudhani vivyo hivyo juu ya ile ya zamani.

Sasa shamba lilete kiasi gani ndipo likizo iwe na maana? Tuseme ofisa ugani wetu, alipoondoka akiwa na miaka 38, alikuwa akipata mshahara wa Sh600,000. Asilimia 15 ya mwajiri ni Sh90,000 juu yake, fedha ambazo hakuwa akiziona kwenye hati ya mshahara lakini zilikuwa zake. Kila mwezi wa likizo unamgharimu Sh690,000. Kwa miezi 24 ni Sh16,560,000. Ongeza zile Sh9,600,000 za hatua alizokosa na unafika Sh26,160,000, kabla ya kuhesabu upungufu wa pensheni yenyewe.

Kiasi hicho si mauzo ya mpunga. Ni faida inayobaki baada ya kulipa trekta, mbegu, mbolea, vibarua wa palizi, ndege, uvunaji, magunia na usafiri. Tena ni faida ya ziada kuliko ile ambayo shamba lingempa akiwa kazini huku akiliachia msimamizi. Kama shamba lilikuwa likimpa Sh4,000,000 kwa msimu akiwa mbali, na likampa Sh7,000,000 akiwa karibu, likizo imemletea Sh3,000,000 kwa msimu wala si 7,000,000. Kwa misimu miwili ni Sh6,000,000 dhidi ya gharama ya zaidi ya Sh26,000,000. Mtu huyo amelima vizuri na bado amepata hasara.

Ndiyo maana tunashauri kutazama urefu wa likizo kabla ya kitu kingine chochote. Mpunga wa mvua haumhitaji mwenye shamba miezi 12. Unamhitaji wakati wa kuandaa na kupanda, wakati wa palizi ya kwanza, na zaidi ya yote wakati wa kuvuna na kupima magunia, ambako ndiko wizi mwingi hutokea. Likizo ya mwaka yenye malipo ipo kisheria, na kwa wenye ajira chini ya sheria ya 2004 ni siku 28. Mtu akiipanga iangukie kwenye mavuno, kisha akaomba mwezi mmoja au miwili tu bila malipo kuiongezea, anapoteza miezi miwili ya pensheni badala ya 24. Kwa ofisa ugani wetu huo ni upungufu wa karibu Sh4,100 katika pensheni kamili ya mwezi, na kama nyongeza ya mwaka haikuguswa, hatua yake ya mshahara inabaki salama.

Aulize hasa jambo hilo la nyongeza: je, likizo ya urefu gani inaanza kugusa nyongeza ya mwaka, na je, tarehe yake ya nyongeza inaahirishwa au anapoteza hatua nzima? Kuna tofauti kubwa kati ya kusogezewa tarehe miezi miwili na kukosa hatua.

Anayeamua kuondoka kwa muda mrefu asiondoke bila majibu ya maandishi ya mambo manne. La kwanza, likizo inaanza na kuisha tarehe ngapi, na arudi kuripoti kwa nani. La pili, ajira inahesabika kuendelea au la. La tatu, nyongeza na muda katika daraja vitahesabiwaje. La nne, michango ya pensheni itasimama au kuna utaratibu wa kuiendeleza, nani atalipa sehemu ya mwajiri, na kama miezi hiyo itahesabiwa na mfuko. Swali hili la nne lijibiwe na mfuko wenyewe pia. Neno la ofisa utumishi peke yake halitoshi, maana siku ya kustaafu yeye hatakuwapo mezani.

Aidha, asiondoke kabla barua ya kibali haijafika mkononi. Wapo wanaopeleka ombi, wakaambiwa kwa mdomo “nenda tu, tutalishughulikia”, wakaenda. Kutokuwapo zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kumfungulia mtumishi wa umma mashtaka ya utoro kazini. Huyo hataulizwa habari ya hatua za mshahara, kwa sababu kazi yenyewe inaweza kuwa imekwisha.

Mwenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara naye aende benki kwanza. Mshahara ukisimama makato yanasimama, lakini deni halisimami, na riba haijui kama mkopaji yuko shambani.

Tunalo neno pia kwa wafanyabiashara wadogo walioajiri watu, maana wasomaji wetu wengi wamo katika kundi hilo. Biashara inapopoa baada ya sikukuu, wapo wenye maduka, mashine za kukoboa na migahawa wanaowaambia wafanyakazi “nendeni likizo bila malipo, tutawaita”. Likizo bila malipo ni makubaliano ya pande mbili. Mwajiri akiitangaza peke yake, amekata mshahara wa mtu aliye tayari kufanya kazi, na analipeleka jambo hilo mikononi mwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zaidi ya hapo, kila mwezi wa namna hiyo ni mwezi uliofutwa katika safari ya mfanyakazi huyo kuelekea miezi 180 ya NSSF. Msichana wa dukani anayesimamishwa miezi mitatu kila mwaka anachangiwa miezi tisa kwa mwaka. Kwa mwendo huo miaka 15 ya kazi inampa miezi 135, na itambidi afanye kazi miaka 20 ili afike pale ambapo mwenzake alifika kwa 15.

Kwa upande wa waajiri wakubwa, Serikali za mitaa na mifuko yenyewe, tunasema hivi. Fomu ya kuomba likizo bila malipo iwe na ukurasa mmoja unaoonyesha namba tatu za mwombaji mwenyewe: miezi aliyochangiwa hadi leo, miezi atakayokuwa nayo akistaafu iwapo likizo itakubaliwa, na hatua ya mshahara atakayorudi nayo. Namba hizo zimo ndani ya mifumo yao. Hakuna sheria mpya inayohitajika wala fedha za bajeti. Mwombaji akishaziona na kutia saini, hatakuwa na wa kumlaumu, na ofisa aliyempa kibali hatakuwa na deni la kumweleza mstaafu jambo ambalo lingeweza kusemwa miaka ishirini mapema.

Mpaka ukurasa huo utakapokuwapo, kila mtu auandike mwenyewe kwenye daftari lake la shamba, pale pale anapoandika bei ya mbolea na idadi ya magunia. Mkulima mzuri haanzi kulima kabla ya kujua ekari yake inamgharimu kiasi gani. Likizo bila malipo nayo ina gharama yake kwa kila mwezi, na ipigwe hesabu kabla ya trekta kukodiwa.